Skana ilisoma 1, mteja akabeba 6: kupokea mzigo na kutoa oda kwa bakodi kwenye stoo ndogo

 

Leo naandika nikiwa stoo, hapa Bariadi. Nataka niwasimulie kosa ambalo nusura linigombanishe na kaka yangu wa tumbo moja, halafu niwaonyeshe hatua kwa hatua jinsi ninavyopokea mzigo na kukusanya oda kwa kutumia bakodi, au msimbopau kama wengine wanavyoiita. Ni ndefu kidogo, ila kama una stoo na umeajiri mtu, soma mpaka mwisho.

Mimi nauza jumla ndogo: sabuni, viberiti, chumvi, biskuti, betri na vitu vya namna hiyo. Mzigo mwingi natoa Mwanza. Wateja wangu ni wenye vigenge na maduka ya vijijini, wanaagiza kwa simu na wengi wanatuma boda kuchukua. Kuanzia mwezi wa tano wakulima wanapoanza kuuza pamba, hela inazunguka na oda zinapanda ghafla. Stoo anashika mtoto wa kaka yangu. Mwaka jana niliamua kuachana na daftari, nikanunua skana ya waya, zile zinazochomekwa kwenye laptopu. Haikufika laki moja.

Mwezi wa sita mwishoni tukahesabu mzigo. Kwenye laptopu sabuni za kuogea zilitakiwa ziwe 683. Tukahesabu kwenye shelfu, zipo 498. Pungufu 185! Kwa bei ninayouzia ya 1,300 ni shilingi 240,500. Viberiti navyo vikapungua 117. Kijana ananiangalia, mimi namwangalia. Akasema, "Shangazi, mimi sijachukua kitu." Nikamjibu maneno ambayo leo siwezi kuyaandika hapa. Jioni kaka akapiga simu, naye hakunisalimia vizuri. Nilikuwa nimeshasema nitamkata mtoto mshahara wa miezi miwili.

Jibu lilikuwemo ndani ya hizo namba zenyewe, nitawaonyesha. Ila kwanza lazima ujue skana inafanya nini hasa, maana wengi tunadhani ina akili kuliko ilivyo.

Skana ni kama kibodi tu. Inasoma ile mistari, inaandika namba zilizopo chini yake, halafu inabonyeza Enter. Basi! Haijui bei, haijui tarehe ya kuisha, haijui kama ulichoshika ni pisi moja au katoni nzima. Hata ile 620 mnayoiona mwanzo wa namba nyingi za bidhaa zetu haina maana kwamba kitu kimetengenezwa Tanzania. Inaonyesha tu kwamba namba ilitolewa kupitia GS1 Tanzania, taasisi inayogawa hizo namba hapa nchini. Maana yote ya namba inatoka kwenye orodha yako mwenyewe. Orodha ikiwa na kosa, skana itarudia kosa hilo kwa kasi kubwa na bila aibu.

Na kwa vile ni kibodi, inaandika popote kasa ilipo. Siku ya kwanza nilikuwa nimefungua WhatsApp kwenye laptopu, nikaskani katoni, namba 13 zikaenda moja kwa moja kwa mteja wa Itilima. Akajibu, "Dada, hii namba ya kutumia hela mbona ndefu?" Kwa hiyo kabla hujaanza kuskani, funga vingine vyote na uhakikishe umebofya kisanduku sahihi.

Sasa orodha. Mimi natumia Excel, ila Google Sheets inafanya kazi hiyohiyo. Nina shiti inaitwa BIDHAA yenye safu nne. A ni bakodi, B ni kodi yetu wenyewe ya bidhaa, C ni maelezo, D ni idadi ya pisi. Safu ya A, kabla hujaandika chochote, ichague uiweke kwenye mfumo wa Text. Ukiacha hivyohivyo, Excel itaichukulia namba ya tarakimu 13 kama hesabu na kuionyesha kitu kama 6.2E+12. Na kama bakodi inaanza na sifuri, sifuri itaondolewa, kisha kesho ukiskani utaambiwa bidhaa haipo wakati unaiona kwa macho.

Jambo ambalo sikulielewa mapema ni hili: bidhaa moja inaweza kuwa na bakodi mbili au tatu, na kila moja inahitaji mstari wake. Chukua sabuni ya unga ya gramu 500. Pakiti ina bakodi yake ya tarakimu 13. Katoni yenye pakiti 24 mara nyingi ina bakodi nyingine, ya tarakimu 14, mistari yake minene na imezungushiwa fremu nyeusi. Ukiziangalia kwa makini utakuta namba ya katoni inaanza na 1 au tarakimu nyingine, inafuatiwa na tarakimu 12 za kwanza za pakiti, halafu ya mwisho inabadilika. Ile ya mwisho ni ya ukaguzi, inakokotolewa kutoka kwenye zile za mbele ili skana ijue kama imesoma vibaya. Ndiyo maana skana yenyewe ni nadra kukosea namba. Anayekosea ni mtu anayeiandika kwa mkono baada ya stika kuchanika.

Kwa hiyo kwenye BIDHAA sabuni hiyo ina mistari miwili. Wa kwanza ni bakodi ya pakiti, kodi yetu UNGA500, pisi 1. Wa pili ni bakodi ya katoni, kodi yetu ileile UNGA500, pisi 24. Bakodi ni tofauti ila kodi yetu ni moja, na hesabu zote nazifanya kwa kodi yetu. Ukishika hapo umeshika sehemu kubwa ya kazi.

Lakini kuna mitego. Baadhi ya katoni hazina bakodi kabisa. Nyingine, na hizi ndizo hatari, zimechapwa bakodi ileile ya pisi kwa nje. Ukiiskani katoni nzima, laptopu inaandika pisi 1. Kabla ya kuingiza bidhaa mpya kwenye orodha, mimi naskani katoni, halafu naifungua naskani pisi ya ndani. Namba zikifanana najua katoni hiyo itahitaji stika yangu mwenyewe. Dakika moja tu.

Shiti ya pili inaitwa MAPOKEZI. Safu A ni namba ya mzigo, B ndipo skana inaandika (hii pia iwe Text), C inaleta kodi yetu, D inaleta pisi. Kwenye C2 weka hii:

```
=IF(B2="","",IFERROR(VLOOKUP(B2,BIDHAA!A:D,2,FALSE),"HAIPO"))
```

Na kwenye D2:

```
=IF(B2="","",IFERROR(VLOOKUP(B2,BIDHAA!A:D,4,FALSE),0))
```

Ziburuze chini mistari mia tano au zaidi. Sasa ukiskani, pembeni inatokea kodi na idadi. Likitokea neno HAIPO, kitu hicho kiweke pembeni, usilazimishe. Mara nyingi ni kiwanda kimebadilisha pakiti, labda imekuja ya ofa yenye gramu za nyongeza, na imepewa bakodi mpya. Usifute bakodi ya zamani ukaandika mpya juu yake, maana shelfuni bado una pakiti za zamani. Ongeza mstari.

Upokeaji wenyewe unataka watu wawili. Mmoja anaskani, na huyo asiione karatasi ya mzigo. Nasisitiza, asiione. Mtu akishajua karatasi inasema 30, macho yake yatahesabu 30 hata kama zipo 29. Wa pili anabaki na karatasi, analinganisha mwishoni.

Ngoja nitoe mfano wa mzigo wa hivi karibuni. Karatasi ilisema sabuni za kuogea katoni 10, sabuni ya unga gramu 500 katoni 30, sabuni ya unga kilo 1 katoni 20. Jumla katoni 60. Gari limepaki, dereva ana haraka, vijana wanashusha, na kila katoni ikishuka inaskaniwa. Mwisho mistari ni 60. Zamani ningeishia hapo, ningesaini na kumruhusu dereva aende zake, kwa sababu vichwa vimetimia. Ila jumla ya UNGA500 ilikuwa pisi 696, wakati katoni 30 mara 24 ni 720. Na UNGA1000 ilikuwa 252 badala ya 240. Yaani katoni moja ya gramu 500 haikuja, na nafasi yake ilijazwa na katoni ya kilo 1. Katoni zile zina rangi moja, mchoro mmoja, tofauti ni maandishi madogo ubavuni. Tukaandika tofauti hiyo kwenye karatasi ya mzigo, mimi na dereva tukasaini, ndipo gari likaondoka. Muuzaji alirekebisha ankara bila maneno mengi. Ningempigia kesho yake, angejuaje kama si mimi niliyechanganya stoo kwangu?

Utaona hapo kwamba tuliskani kila katoni, moja baada ya nyingine. Wapo watakaokwambia skani moja halafu andika 30, inaokoa muda. Ni kweli inaokoa, ila katoni ngeni iliyojificha katikati hutaikamata kamwe. Kwa mzigo wa katoni 60 unaokoa labda dakika kumi. Mimi dakika hizo sizitaki. Ukiwa unashusha mifuko mia tatu ya aina moja ni habari nyingine, hapo hesabu kwa mkono na uandike.

Kuna hatari upande wa pili pia: kuskani katoni moja mara mbili. Skana inalia, mtu anadhani haijalia, anarudia. Dawa yetu ni ya kishamba lakini inafanya kazi. Katoni iliyoskaniwa inapigwa alama ya chaki na kuhamia upande wa pili wa mlango. Isiyo na chaki haijasomwa, hakuna mjadala.

Tarehe ya kuisha, kama nilivyosema, bakodi hizi za kawaida haziibebi. Biskuti zikifika tunaandika mwezi na mwaka wa kuisha kwa maka pen kubwa usoni mwa katoni, na zinazoisha mapema zinapangwa mbele. Hilo skana haitusaidii.

Sasa turudi kwenye zile 185.

Sabuni zangu za kuogea zinakuja katoni ya pisi 72, ndani zimefungwa mabando 12 ya sita sita kwa nailoni inayoonyesha ndani. Tulipokea katoni 10, katoni ina bakodi yake, laptopu ikaandika 720. Sahihi kabisa. Wateja wangu hawanunui katoni, wananunua mabando. Kijana alipokuwa akitoa bando, aliliskani. Bando lenyewe halina bakodi. Skana ikapenya ile nailoni, ikasoma bakodi ya sabuni moja iliyokaa kwa juu, ikalia tii! Laptopu ikapunguza pisi 1. Mteja akaondoka na 6.

Kila bando lililotoka liliacha hewa ya pisi 5 kwenye hesabu. Chukua 185 ugawanye kwa 5 unapata 37, hakuna kinachobaki. Nikafungua shiti ya utoaji nikahesabu mistari ya sabuni: ilikuwa 37. Ndipo moyo ukaanza kwenda mbio. Nikachukua viberiti. Paketi moja ina viberiti 10 na imefungwa kwa nailoni hiyohiyo ya kuonyesha. Kama kosa ni lilelile, kila paketi itaacha hewa ya 9. Pungufu ya 117 ukigawanya kwa 9 ni 13. Paketi zilizotoka? 13.

Hii ikariri: ukikuta upungufu, usianze na mtu, anza na kugawanya. Chukua idadi ya pisi kwenye bando, toa moja, gawanya upungufu kwa hiyo namba. Ukigawanyika bila baki, kuna uwezekano mkubwa bando lilitoka likahesabiwa pisi. Ila kugawanyika peke yake si ushahidi, maana upungufu wowote unaweza ukagawanyika kwa 5 kwa bahati. Lazima uthibitishe kwa kitu kingine. Mimi nilichukua kitabu cha risiti. Risiti zilionyesha mabando 37 yameuzwa, na hela ya mabando 37 ilikuwa imeingia. Wizi gani huo unaolipia?

Kosa likiwa upande wa kupokea mambo yanageuka. Bando likiingia kama pisi moja, shelfuni utakuta vitu vingi kuliko laptopu. Watu wengi wakikuta ziada wanafurahi na kunyamaza. Usinyamaze, nayo igawanye vilevile.

Mtoto nilimwomba radhi, na kaka nilimfuata kwake Jumapili, maana maneno ya namna ile huyafuti kwa ujumbe wa simu. Chumvi nayo ilikuwa na pungufu ya paketi 2 ambazo hazigawanyiki na chochote. Hizo hata leo sijui zilikwenda wapi.

Marekebisho yalikuwa rahisi: kila bando likapata stika yake. Nilitunga kodi fupi, SABK-6 kwa bando la sabuni na VIB-10 kwa paketi ya viberiti, nikaenda steshenari Bariadi mjini wakanitengenezea bakodi za aina ya Code 128, ambayo inakubali herufi na namba, na kuzichapa kwenye karatasi za stika. Nimeweka herufi makusudi ili isije ikafanana na bakodi ya kiwanda chochote. Wanaopenda namba tupu za tarakimu 13 waanze na 20 hadi 29, hizo zimetengwa duniani kote kwa matumizi ya ndani ya duka. Usitunge namba inayoanza na 620, hiyo ina wenyewe.

Stika inabandikwa wapi? Juu kabisa ya bakodi ya pisi inayoonekana kupitia nailoni. Ukiibandika pembeni, bakodi zote mbili zinabaki wazi na skana itachagua yenyewe isome ipi. Kama bando linaonyesha bakodi pande mbili, bandika stika mbili. Tunabandika siku katoni inapofunguliwa, si siku oda inapokuja.

Kuhusu kuchapa, ziwe nyeusi kwenye nyeupe. Mara ya kwanza yule kijana wa steshenari alizichapa nyekundu ili zipendeze. Skana yangu inatoa mwanga mwekundu, na kwenye mwanga huo wino mwekundu unaonekana kama karatasi nyeupe. Hazikusoma hata moja. Pia acha nafasi nyeupe kushoto na kulia mwa mistari, usizikate mpaka ukingoni kwa kubana karatasi. Kisha kwenye BIDHAA ongeza mstari: SABK-6, kodi yetu SABK, bando la sita, pisi 6.

Baada ya hapo kukusanya oda ni kazi nyepesi. Shiti ya UTOAJI imepangwa sawasawa na MAPOKEZI, isipokuwa safu A ni namba ya oda. Nina na shiti ya ODA: A namba ya oda, B kodi yetu, C pisi alizoagiza mteja, D zilizobaki kukusanywa. Kwenye D2:

```
=C2-SUMIFS(UTOAJI!D:D,UTOAJI!A:A,A2,UTOAJI!C:C,B2)
```

Wiki iliyopita mama mmoja aliagiza mabando 2 ya sabuni za kuogea, katoni 1 ya unga gramu 500 na paketi 5 za viberiti. Niliiandika kama oda O57, mistari mitatu: SABK 12, UNGA500 24, VIB 50. Kijana akazunguka kwenye shelfu, akaleta vyote mezani, akaanza kuskani. SABK ikashuka mpaka 0. VIB ikashuka mpaka 0. UNGA500 ikagoma palepale 24, ingawa katoni alikuwa ameiskani. Akaangalia UTOAJI, imeandikwa UNGA1000. Alikuwa amebeba katoni ya kilo, zile pacha. Akairudisha, akafuta kile kisanduku cha B, akaleta yenyewe, ikawa 0. Boda alikuwa anasubiri nje, hakujua hata kilichotokea. Kabla ya hapo kosa kama hilo lingegunduliwa kijijini, mama arudishe katoni, nauli ya kwenda na kurudi juu yangu, na wateja wake wanaonunua gramu 500 wamekosa.

Kwa hiyo sheria ni D yote iwe sifuri ndipo mzigo unafungwa. Ikibaki namba chanya, kuna kitu hakijawekwa au kimewekwa kisicho chenyewe. Ikiwa hasi, umezidisha. Na kuskani kufanyike mezani wakati wa kufunga, usiskani shelfuni, kwa sababu kati ya shelfu na boksi la mteja vitu hubadilishana vyenyewe bila mtu kujua.

Mzani wa stoo nzima unakaa kwenye shiti ya BAKI, kila kodi yetu mstari mmoja tu:

```
=SUMIF(MAPOKEZI!C:C,A2,MAPOKEZI!D:D)-SUMIF(UTOAJI!C:C,A2,UTOAJI!D:D)
```

Umeme ukikatika wakati wa kupokea, laptopu ina chaji ya saa mbili hivi. Ikizima tunarudi kwenye karatasi, tunaandika tarakimu nne za mwisho za bakodi na idadi, tunaingiza baadaye. Vumbi la hapa kiangazi ni shida kubwa kuliko umeme. Skana ikianza kukataa bakodi iliyokuwa inasoma jana, kabla hujalaumu stika futa kile kioo cha mbele kwa kitambaa laini. Na pakiti laini za nailoni, kama chumvi, zinyooshe kwa vidole kwanza, bakodi iliyokunjamana haisomeki.

Tunahesabu kila Jumamosi jioni, bidhaa tano tu kwa zamu, si stoo nzima. Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu ya sabuni za kuogea. Laptopu ilisema 414, shelfuni zilikuwa mabando 69. Kijana akanigeuzia kikokotoo nione mwenyewe.